Cherehani Kimoja Kimebaki Wazi: Apandishwe Nani?

*Hotuba kwa walimu na makatibu wa vituo vya ushonaji, Tabora mjini*

Ndugu mwenyekiti, walimu wa vituo, makatibu wa vikundi, mama zangu na wadogo zangu, mwangaluka! Ahsanteni. Mmeitikia vizuri, hata wa kutoka Kigoma pale nyuma kajitahidi.

Mwenyekiti amenipa mada ya orodha ya kusubiri. Wengi wenu mnayo tayari. Mnapojaza nafasi za kozi, wanaobaki mnawaandika kwenye karatasi na kuwaambia, "Mtu akitoka tutakupigia." Karatasi hiyo si orodha ya kusubiri bado. Ni majina tu. Orodha inaanza kuwa orodha siku mtu anapotoka na katibu akajua, bila kumuuliza yeyote, anampigia nani, anampa muda gani wa kujibu, na asipompata afanye nini. Kama hayo hayakuandikwa kabla jina la kwanza halijaingia, kila nafasi itakayoachwa itakuwa kesi mpya, na katika kesi mpya anayeshinda ni yule aliye karibu na ofisi.

Sitazunguka. Nitachukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Kituo cha mfano kina vyerehani 24 na hosteli ndogo ya vitanda 6 kwa wanaotoka nje ya mji. Kozi ni ya miezi mitatu, ada shilingi 120,000. Waombaji ni 37. Kituo hicho ni cha kubuni, lakini hesabu zake mtazitambua.

Kwanza, namba zinatoka wapi? Wengi tunapanga kwa kuwahi: aliyeleta fomu mapema ndiye wa kwanza. Inasikika kama haki. Lakini nani anawahi? Anayekaa Cheyo au Isevya, anayepita mbele ya ubao wa matangazo kila siku. Binti wa Kitunda, wilaya ya Sikonge, habari inamfikia siku ya tatu, na nauli ya kuleta fomu anaitafuta siku nyingine kadhaa. Kupanga kwa kuwahi ni kupima umbali wa mtu na ofisi yako, kisha kuuita umbali huo bidii. Kwa hiyo mimi napendekeza dirisha la wiki mbili. Fomu zote zitakazoingia ndani ya wiki hizo ni sawa, iwe ya siku ya kwanza au ya dakika ya mwisho. Kisha kura inapigwa hadharani, waombaji wanaoweza kufika wakishuhudia. Atakayeleta fomu baada ya hapo anafuata mkiani, na huko mkiani ndiko kuwahi kunahesabiwa.

Jambo moja kwenye kura hiyo watu hulikosea. Wanachomoa majina 24, wanapiga makofi, wanakwenda kula. Majina 13 yaliyobaki kwenye kopo hayana mpangilio, na wiki mbili baadaye nafasi ikiachwa mtu anayachambua mezani peke yake. Chomoeni yote 37 siku ileile, mbele ya watu walewale. Namba 25 hadi 37 nazo zisomwe kwa sauti. Mwombaji aondoke anajua namba yake, na namba hiyo haitabadilika mpaka orodha ifungwe. Kinachobadilika ni wangapi wamebaki mbele yake.

Kuna suala la wakubwa, nalo nitalipita haraka kwa sababu nyote mnalijua. Kimemo kitakuja. Kama kituo kinaona kinahitaji nafasi za hiari ya mkuu, zitajwe kabla ya kura: vyerehani viwili vya hiari, vinavyobaki ni 22, na waombaji waelezwe hivyo. Kama hazikutajwa, basi ni sifuri. Nafasi ya hiari inayozaliwa baada ya kura imechukuliwa kwa mtu, na mtu huyo ana namba. Katika mfano wetu ni sifuri.

Sasa tujaze. Tunashuka kutoka namba 1. Kila fomu ina swali: unahitaji kitanda? Hapa ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu kituo hiki hakina aina moja ya nafasi. Kina vyerehani, halafu kina vitanda, na viwili hivyo haviishi kwa wakati mmoja. Tuseme kati ya namba 1 na 24, wanane wanahitaji kitanda. Sita wa kwanza wanapata. Wawili wa mwisho, namba 19 wa Kitunda na namba 22 wa Usoke, wanakuta vitanda vimekwisha. Vyerehani vipo, pa kulala hapapo. Katibu anawauliza kama wanaweza kuja bila kitanda. Wote wawili wanasema hapana, hawana ndugu mjini.

Vyerehani vyao viwili haviwezi kukaa bure miezi mitatu, kwa hiyo vinakwenda kwa namba 25 na 26, wote wakazi wa mjini. Walio ndani sasa ni namba 1 hadi 26, ukiondoa 19 na 22. Hao ni 24. Wanaosubiri ni 19, 22, na 27 hadi 37. Hao ni 13. Jumla 37, hesabu imekaa.

Mtu akija na kuona namba 25 yuko darasani na namba 19 yuko nje, atapiga kelele, na ana haki ya kuuliza. Jibu lazima liwe limeandikwa siku ileile: namba 19 alipewa cherehani bila kitanda, akaeleza hawezi, namba yake imebaki palepale. Hakukataa kozi. Alikataa kitu ambacho hakukiomba. Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri, na namba 22 ni wa pili. Vituo vingine humwandika mtu wa namna hii "amekataa" na kumfuta. Naomba tuache hilo kabisa.

Kozi inaanza baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Namba 8, kijana wa mjini, anapiga simu: amepata kazi Nzega, haji. Cherehani kimoja kimeachwa, kitanda hakuna. Apigiwe nani? Jibu la haraka ni namba 27, kwa kuwa 19 na 22 walishasema hawawezi. Hapana. Wanapigiwa 19 na 22 kwanza, kwa sababu hali ya mtu hubadilika. Namba 19 anasema bado hana pa kukaa. Namba 22 anasema shangazi yake amehamia Ng'ambo wiki iliyopita, atakuja, ila kitanda kikipatikana anaomba aandikwe. Anaingia. Namba 27 anaendelea kusubiri, na safari hii hana la kulalamikia, maana aliyempita alikuwa mbele yake tangu siku ya kura.

Siku nne baadaye namba 5, binti wa Kaliua aliyekuwa na kitanda, anajitoa. Sasa vimeachwa vyote viwili, cherehani na kitanda. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Vituo vingi vina kanuni wanayoipenda sana: wa ndani kwanza. Yaani kabla hujamwita mtu wa nje, waulize walio ndani kama kuna anayetaka kuhamia pale palipoachwa. Inapendeza masikioni. Tuifuate tuone. Namba 22 yuko ndani na anataka kitanda. Anapewa. Cherehani kilichoachwa na namba 5 sasa hakina kitanda. Namba 19 hawezi kukichukua, kinakwenda kwa namba 27. Matokeo yake namba 22 ana vyote, namba 27 ameingia, na namba 19, aliyewatangulia wote wawili kwa kura, bado yuko Kitunda.

Kosa lake ni lipi? Alisema kweli. Angesema "nitakuja, nitajitafutia pa kulala," angekuwa ndani kabla ya namba 22, na leo kitanda kingekuwa chake. Awamu ijayo atalijua hilo, na kijiji kizima kitalijua. Kila mtu atakubali kuja bila kitanda, na siku ya kufungua kozi utakuwa na mabinti wanane wamekaa kwenye mabegi yao kwenye baraza la kituo wakisema kitanda watakipata humuhumu ndani. Kanuni inayompa faida aliyesema uongo haitakosa waongo.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni hiki: kitanda kinakwenda kwa namba ya kura, awe aliye nayo yuko ndani au yuko nje. Kitanda cha namba 5 na cherehani chake vinakwenda kwa namba 19. Namba 22 anabaki kwa shangazi, na jina lake linabaki kwenye mstari wa wanaotaka kitanda.

Naona mwalimu mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Najua anachofikiri: namba 22 amekwishalipa, amekwishahangaika, atatembea kutoka Ng'ambo kila siku, na sisi tunampa kitanda mtu ambaye hata hajafika. Ni hoja nzito. Lakini namba 22 alichoahidiwa amekipata, na namba 19 hajapata chochote. Zaidi ya hayo, hali ya namba 22 itatengemaa yenyewe mara nyingi. Katika mfano wetu, wiki moja baadaye namba 14 anasema hatakaa hosteli, atakaa na dada yake Kiloleni. Anaacha kitanda, cherehani anabaki nacho. Kitanda kitupu hakimsaidii mtu wa nje, kwa kuwa hakuna cherehani cha kumpa. Ni walio ndani tu wanaoweza kukitumia, na anayekitaka ni namba 22. Anapewa. Hapo "wa ndani" wamepata bila kumpita mtu.

Na mambo yakigeuka? Kikiachwa cherehani chenye kitanda, na wote waliobaki kwenye orodha ni wa mjini, basi kitanda kinalala na cherehani kinakwenda kwa namba ya mbele. Kitanda hakimfungii mtu wa mjini mlango. Lakini kama kwenye orodha kuna hata mmoja anayehitaji kitanda, tuseme namba 29 wa Sikonge, yeye atapewa kabla ya 27 na 28. Hili linamkera sana namba 27. Ndiyo maana lazima lisomwe siku ya kura: vyerehani sita vinaambatana na vitanda, na vinawatafuta kwanza wenye shida ya kulala. Lisiposomwa siku hiyo, usilitumie. Shuka kwa namba.

Sasa tuje kwenye saa. Nikipita vituoni naona foleni inaharibika hapa kuliko hata kwenye vimemo.

Mnajua foleni ya ndoo kwenye bomba la maji. Ndoo imepangwa, mwenyewe yuko nyumbani anachochea ugali. Zamu ikifika na mwenye ndoo hayupo, watu wa nyuma wanaisogeza kando wanakinga, na akirudi anaikuta ndoo yake ikiwa ya kwanza. Hajafukuzwa kwenye foleni, ila maji hayakumsubiri. Orodha yetu iendeshwe hivyohivyo, na yote mawili yaandikwe: nafasi haimsubiri asiyepatikana, na asiyepatikana hapotezi namba yake.

Kwa hiyo majibu ya simu ni manne, wala si mawili. Amekubali. Amekataa. Anaomba muda. Hakupatikana. Mkiyaandika yote kwa maneno yake, nusu ya ugomvi inakufa. "Amekataa" inamtoa kwenye orodha, na atumiwe ujumbe wa kuthibitisha kwamba ametoka kwa kauli yake. "Hakupatikana" inampisha kwa nafasi hii moja tu. Akikosekana mara ya pili kwa nafasi nyingine, anashuka mwisho wa orodha. Mara ya pili tu, si mara ya kwanza, kwa kuwa kuna vijiji vyetu ambako mtandao unakamata ukipanda kichuguu, na wakati wa kuchuma na kukausha tumbaku mtu anaweza kushinda shambani na simu imezima chaji nyumbani.

Je, "hakupatikana" ni nini hasa? Simu moja ya saa 4 asubuhi haitoshi. Nasema simu tatu kwa nyakati tofauti, asubuhi, mchana na jioni, ujumbe mfupi mmoja, na simu moja kwa namba ya pili iliyo kwenye fomu, ya ndugu au jirani. Fomu isiyo na namba ya pili irudishwe ijazwe. Kila simu iandikwe saa yake. Na kubipu si kupiga, tafadhali. Kituo kiweke salio la kazi hii kwenye bajeti, maana katibu anayetumia salio lake mwenyewe atapiga mara moja na kukata.

Muda wa kujibu ni upi? Wengine wanatoa siku tatu kwa kila mtu kwa ukarimu. Hebu tupige hesabu. Una watu 13 wanaosubiri. Kila mmoja akikaa na nafasi siku mbili kisha akakataa, orodha inamalizika baada ya siku 26. Kozi imekwisha kufika mwezi wa kwanza na cherehani kimefunikwa kitambaa. Kwa hiyo muda upungue kadiri kozi inavyokaribia. Ikiwa imebaki zaidi ya wiki moja, mpe siku mbili. Ndani ya wiki ya mwisho, mpe mpaka kesho yake saa 10 jioni. Kozi ikishaanza, ni leo hii mpaka saa 10 jioni, na simu tatu zipigwe ndani ya siku hiyo. Anayeomba muda apewe mpaka ukomo huohuo, isiongezwe hata saa moja, kwa kuwa saa unayomwongezea unaitoa kwa mwenye namba inayofuata, naye hayupo ofisini kuitetea.

Ili muda mfupi usimuumize mtu wa mbali, wapeni tahadhari wale watatu wa mbele: "Uko wa pili. Unaweza kupigiwa wiki hii. Anza kujiandaa, lakini hii si nafasi bado." Sentensi hiyo ya mwisho isikosekane. Mtu akiuza kuku wake kwa ajili ya ada halafu nafasi isitokee, utakuwa umemwonea kwa kumsaidia.

Na kuna njia ya mkato ambayo nasikia inashika kasi: nafasi moja ikiachwa, katibu anatuma ujumbe kwa watu wote 13, "Nafasi moja, atakayewahi kulipa ndiye." Ni rahisi, haina ugomvi na haina simu za kupiga. Lakini umeifuta kura yako. Anayeshinda ni mwenye pesa kwenye simu saa hiyo, yaani tumerudi kulekule kwa Cheyo na Isevya. Nafasi zikiachwa mbili, waite wawili. Zikiachwa tatu, watatu. Wanaopewa muda wa kujibu kwa wakati mmoja wasizidi nafasi zilizo wazi. Na msiingize watu 26 kwenye vyerehani 24 kwa kutegemea wawili hawatakuja. Mashirika ya ndege huuza viti kupita idadi kwa sababu yana ndege nyingine kesho na pesa ya kumfidia aliyeachwa. Sisi cherehani ni hicho, na wawili wakifika wote, mmoja atajifunza kwa kuchungulia.

Pesa. Kuingia kwenye orodha kusitozwe. Ukimtoza mtu elfu tano asubiri nafasi ambayo huenda isije, unafanya biashara ya matumaini, na namba 37 ndiye mteja wako mkubwa. Malipo yaanze mtu anapokubali nafasi: shilingi 20,000 za kuthibitisha, zinazohesabiwa ndani ya ada. Kazi ya pesa hiyo ni kukuletea habari mapema. Kanuni iwe hivi: anayejitoa kwa kutoa taarifa kabla ya saa 10 jioni ya Ijumaa inayotangulia kozi anarudishiwa yote. Anayenyamaza hapati kitu. Kwa namna hiyo mtu aliyepata kazi Nzega ana sababu ya kukupigia leo badala ya kukuacha ugundue Jumatatu. Vituo vinavyosema "pesa haitarudishwa kwa hali yoyote" vinajidhuru vyenyewe. Mtu akijua pesa imekwenda, hana haja ya kukuambia haji.

Kuna wanaoshika nafasi mbili, kwako na kwa jirani yako. Si lazima wawe wabaya. Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi kuhusu udahili wa vyuo, wakaonyesha kwamba orodha ya kusubiri ndiyo inayomtia mwombaji kwenye mtego huo: chuo kimoja kimempokea, kingine anachokipenda zaidi kimemwambia asubiri, naye hajui ajibu nini. Kazi ile ilimfikisha Shapley kwenye tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012, pamoja na Alvin Roth. Gale alikuwa ameshafariki. Hapa nchini TCU inawataka waliochaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja wathibitishe kimoja tu. Sisi hatuna mfumo kama huo, lakini vituo vya mji mmoja vinaweza kukubaliana siku moja ya kuthibitisha. Siku moja, vituo vyote. Anayeshika mbili analazimika kuachia moja, na orodha zenu zote zinasogea jioni ileile badala ya wiki ya pili ya kozi.

Turudi kwenye mfano, tumalize. Siku mbili kabla ya kozi, namba 11 hajathibitisha na ukomo wake umepita. Cherehani kipo wazi. Mbele ya orodha sasa ni namba 27. Anapigiwa mara tatu, ujumbe unatumwa, namba ya pili haipokelewi. Ukomo unapita. Namba 28 anapigiwa, anakubali, analipa. Asubuhi inayofuata namba 27 anatokea ofisini anahema: simu iliharibika, ndiyo kwanza anausoma ujumbe. Afanyweje? Namba 28 haondolewi, kwa kuwa amepewa kwa kanuni. Namba 27 anaonyeshwa daftari, saa za simu zote, na anabaki wa kwanza. Kozi inaanza Jumatatu. Namba 3 haonekani Jumatatu wala Jumanne, na kanuni inasema asiyefika kwa siku mbili bila taarifa ameachia nafasi. Jumatano asubuhi namba 27 anapigiwa. Mnaweza kuamini simu hiyo ilipokelewa mlio wa kwanza.

Sasa mtajuaje kama mambo yamekwenda sawa, au kama kuna mkono umeingia? Fungueni daftari na mfanye jaribio hili. Chukueni namba ya kila aliyebaki nje. Kwa kila mmoja, tazameni kama ndani kuna mtu mwenye namba kubwa kuliko yake. Kama hakuna, vizuri, endeleeni. Kama yupo, lazima kuwe na mstari daftarini unaoeleza kwa nini, wenye tarehe, saa, na jina la aliyepiga simu: hakupatikana, au kilichokuwepo hakikuwa na kitanda, au kitanda kilimtafuta mwenye shida. Mstari ukikosekana, huyo aliyeko nje ana malalamiko ya haki, na hamna jibu. Jaribio lenyewe haliwachukui hata nusu saa, na mtu asiye wa ofisi yenu ndiye alifanye.

Kuna dalili nyingine ambazo jicho lililozoea linaziona. Mfululizo wa "hakupatikana" wa watu watatu ndani ya dakika kumi, halafu wa nne akapatikana na kulipa papo hapo. Mistari ya wiki nzima iliyoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko umetulia, kama vile imeandikwa kikao kimoja. Nafasi iliyoachwa na kujazwa saa ileile. Moja ya hizi si ushahidi wa wizi. Zikiwa mbili kwenye ukurasa mmoja, wapigieni wale waliosemekana hawakupatikana muwaulize.

Ubandikeni pia mwenendo wa orodha ukutani, lakini kwa namba, si kwa majina na simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu hata sisi wenye vyerehani 24, na isitoshe binti wa watu hapaswi kutangaziwa mji mzima kwamba amekosa pa kulala. "Namba 22 ameingia. Anayefuata 19 kwa chenye kitanda, na 19 kisha 27 kwa kisicho na kitanda." Kila mtu anaijua namba yake, inatosha.

La mwisho ni kufunga. Ushonaji una siku yake ya kufunga orodha, na mimi naiweka mwisho wa wiki ya kwanza. Wiki ya pili darasa linakuwa limeshaingia kwenye kupima na kukata kitambaa, na anayeingia hapo atamchelewesha mwalimu na wenzake 23. Cherehani kikiachwa baada ya hapo, kibaki wazi, wanafunzi wakitumie kwa mazoezi ya jioni. Walio kwenye orodha wapate ujumbe siku hiyohiyo kwamba imefungwa, wasiendelee kuangalia simu.

Na awamu inayofuata? Katika mfano wetu waliobaki nje ni namba 29 hadi 37, watu tisa. Ambao hawakuwahi kupewa nafasi yoyote waingie awamu ijayo bila kura mpya, kwa mpangilio uleule. Waliokataa waombe upya kama wengine. Hilo linafaa wakiwa tisa. Mkijikuta mna thelathini wanaosubiri kwa vyerehani 24, msiwabebe, kwa sababu awamu nzima ijayo itakuwa imejaa kabla fomu haijatolewa, na binti aliyemaliza shule mwaka huu hatakuwa na mlango. Hapo kura ipigwe upya, na waliosubiri wawekewe karatasi mbili kwenye kopo badala ya moja. Bora zaidi, mkishaona fomu zinapita uwezo wenu mara mbili, semeni wazi kwa waombaji kabla ya kura: mwisho wa kusubiri ni watu kumi na watano, wengine watafute kituo kingine mapema.

Nimetengeneza ukurasa wa daftari wenye safu saba: namba ya kura, anahitaji kitanda au la, nafasi aliyopewa, saa za simu tatu, jibu, ukomo, na aliyepiga. Nakala ziko kwa katibu pale mlangoni. Mwalimu aliyekuwa anatikisa kichwa, swali la kwanza ni lako.